Paa la Duka Likivuja: Barua kwa Mwenye Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mmetuita tuwaeleze jinsi tulivyomwandikia mwenye nyumba wetu habari ya paa. Sisi ni mafundi watano wa kushona. Wengi wenu mwatujua, kwa kuwa tulikuwa pamoja nanyi kiwandani kabla ya kupunguzwa kazi. Tulikodi chumba kimoja cha mbele katika jengo lenye maduka manne, tukaweka cherehani nne na mashini moja ya ovaloki. Kodi yetu ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Twajua kwamba wengine hapa mna vibanda vya chakula, saluni au duka dogo la mama nyumbani, kwa hiyo neno hili lawahusu.

Mvua ya masika ya mwaka 2024 ilikuwa kubwa, kama mnavyokumbuka. Usiku wa tarehe 9 Aprili maji yaliingia dukani mara ya kwanza. Tulimpigia simu wakala anayepokea kodi, akasema, “Nimesikia, nitamtuma fundi.” Tarehe 12 yaliingia tena, tukapiga simu tena, tukajibiwa vilevile. Tarehe 15 yalidondoka juu ya meza ya kukatia, yakaharibu mita 9 za kitambaa cha sare za shule, na mengine yakateremka ukutani karibu na soketi ya ovaloki mpaka swichi kuu ikajizima. Hapo ndipo tulipoona kwamba maneno ya simu hayatufikishi popote. Simu haina shahidi. Wakala aweza kusema hakuambiwa, nasi hatuna la kumwonyesha.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa mbaya, na twaona heri tuwaambie. Iliandikwa na mwenzetu mmoja akiwa na hasira. Haikuwa na tarehe. Ilitaja mambo kumi na moja: paa, mlango uliochubuka rangi, choo, taa ya nje, majirani wenye kelele, na mengineyo. Mwisho ilisema, “Usipotengeneza katika siku tatu hatulipi kodi.” Tulipoisoma kwa sauti tukaona kasoro zake wenyewe. Rangi ya mlango tuliichubua sisi tulipokuwa tukiingiza meza. Siku tatu katikati ya masika hakuna fundi awezaye kupanda juu ya bati. Na lile neno la kutolipa kodi ndilo baya kuliko yote. Mpangaji akizuia kodi kwa shauri lake mwenyewe, mwenye nyumba aweza kumtuma dalali kukamata mali yake kwa ajili ya deni, na mali yetu ndiyo cherehani. Tena, chini ya sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, kuchelewa miezi miwili kulipa kodi ni sababu mojawapo inayomruhusu mwenye nyumba kuomba mpangaji aondolewe. Tungekuwa tumempa fimbo ya kutupigia. Barua hiyo tuliichana.

Kabla ya kuandika ya pili tulitafuta kwanza maji yanatoka wapi. Hili ni jambo ambalo watu hulirukia. Tulitazama: je, maji huja hata siku isiyo na mvua? Hapana, basi si bomba lililopasuka. Yalianza kudondoka kama dakika kumi baada ya mvua kuanza, na doa la dari lilikuwa la kahawia lenye ukingo mweusi, likipanuka kila mvua. Mmoja wetu alipanda kwenye ngazi ya jirani bila kukanyaga paa, akaona kwamba mahali mapaa mawili yanapokutana pana mfereji wa bati, nao umeliwa na kutu kiasi cha kupitisha kidole. Basi tukajua la kuandika: si “nyumba inavuja”, bali “mfereji wa bati kati ya paa la mbele na la nyuma umetoboka”.

Tuliuliza pia ni kazi ya nani. Sisi hatukuwa na mkataba wa maandishi ila risiti za kodi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yasema kwamba mtu akikodisha sehemu tu ya jengo, ni juu ya mwenye jengo kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, na sehemu zinazotumiwa na wote, isipokuwa wamepatana vingine. Kwa hiyo ninyi wenye mikataba, isomeni kwanza. Kuna mikataba inayomtwika mpangaji kila kitu mpaka kigae, na mwenye mkataba wa namna hiyo hataandika kama tulivyoandika sisi.

Kisha picha. Tulipiga kwa simu, na kila mahali tulipiga mara mbili. Ya kwanza kutoka mlangoni, ili mtu asiyelijua duka aone meza iko wapi na doa liko wapi. Ya pili karibu, tukiwa tumeweka futi ya fundi kando ya doa, ili upana wake usomeke. Tulipiga soketi yenye maji, kitambaa kilichoharibika, na ule mfereji kutoka juu ya ngazi. Mvua iliyofuata tulirudia mahali palepale. Picha moja ya doa haisemi kitu. Picha tatu za doa moja kwa tarehe tatu zaonyesha kwamba linakua. Picha zenyewe tuliziacha katika simu bila kuzikata wala kuzipamba, kwa sababu simu huhifadhi ndani ya picha siku na saa ilipopigwa. Zikitumwa kwa WhatsApp kama kawaida hupunguzwa, na alama hiyo hupotea. Kwa hiyo tulitunza zile za asili, tukachapisha sita, na nyuma ya kila moja tukaandika tarehe, saa, na jina la aliyepiga.

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tutaisoma:

“18 Aprili 2024. Kwa Bwana mwenye jengo, kwa mkono wa wakala wake. Sisi ni wapangaji wa chumba nambari 2. Kodi yetu imelipwa mpaka mwisho wa Aprili. Mfereji wa bati kati ya paa la mbele na la nyuma umetoboka, na maji ya mvua yameingia dukani tarehe 9, 12 na 15 Aprili. Tulimwarifu wakala kwa simu tarehe 9 na 12. Tarehe 15 maji yalifika kwenye soketi ya ukuta wa kushoto na swichi kuu ikajizima. Mita 9 za kitambaa zimeharibika, na ovaloki imesimama tangu siku hiyo. Tumehamisha meza, tumefunika mashini kwa karatasi ya nailoni, na tumezima umeme wa ukuta huo. Twaambatisha picha sita. Twaomba mambo mawili. La kwanza, fundi wa umeme aje kuondoa hatari ya soketi kabla ya Jumamosi, 20 Aprili. La pili, mfereji utengenezwe kabla ya Alhamisi, 2 Mei 2024. Fundi aweza kuingia siku yoyote kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kazi isipofanywa kufikia tarehe hiyo, tutapeleka malalamiko kwenye Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara. Tutaendelea kulipa kodi kama kawaida.”

Basi. Hakuna tusi ndani yake, wala kulia.

Mtaona kuna tarehe mbili za mwisho. Umeme na maji haviwezi kungojea wiki mbili, kwa hiyo huko tulitoa siku mbili. Mfereji tulitoa siku kumi na nne, kwa hesabu hii: mwenye nyumba apate fundi, bati likatwe na kukunjwa kwa kipimo, na ipatikane siku moja au mbili kavu za kupanda juu. Muda uwe wa namna ambayo mtu wa tatu akiusoma atasema unatosha. Nasi tulitaja siku yenyewe ya kalenda, kwa sababu ukisema “wiki mbili” utaulizwa ni wiki mbili tangu lini.

Nakala zilikuwa mbili. Wakala alipokea moja, akatia sahihi na tarehe juu ya ya pili, tukabaki nayo. Kama angalikataa, tulikuwa tayari kuipeleka Posta kwa rejista na kuweka risiti.

Kesho yake fundi wa umeme alifika. Lakini tarehe 23 mwenye nyumba aliandika kwamba maji yameletwa na misumari ya kibao chetu cha duka, kwa hiyo kazi ni yetu. Hapo zile picha za mlangoni zilitufaa. Zilionyesha kwamba kibao kipo ukutani mbele, na doa liko nyuma, zaidi ya mita tatu. Tulimjibu kwa mistari minne na picha moja. Hakulirudia neno hilo.

Tarehe 26 fundi wa paa alikuja akapaka lami. Wengine wetu walishangilia. Mvua ya tarehe 29 ikapita palepale, kwa maana lami haishiki juu ya bati lililooza. Tulipiga picha tena, na tarehe 30 tukaandika barua fupi: kazi ya tarehe 26 twaishukuru, maji yameingia tena, twaomba bati la mfereji libadilishwe kabla ya 10 Mei. Tuliongeza siku kwa sababu alikuwa ameanza kutenda, na mtu aliyeanza si sawa na mtu aliyenyamaza. Tarehe 8 Mei bati jipya liliwekwa.

Hatukufika kwenye Baraza. Lakini mjue kwamba kwa maduka na hoteli zilizo chini ya Sura ya 301, yaani zisizo na mkataba wa maandishi, au zenye mkataba usiozidi miaka mitano, Baraza laweza kuagiza matengenezo ambayo ni juu ya mwenye nyumba yafanywe kwa gharama yake, au kumruhusu mpangaji ayafanye na kukata gharama katika kodi. Kata ukisha ruhusiwa, si kabla. Nyumba ya kulala tu haimo katika sheria hiyo.

Na hasara? Kitambaa tulikuwa na risiti yake, mita 9 kwa shilingi 450, yaani shilingi 4,050. Mwenye nyumba alikubali kwa maandishi zikatwe katika kodi ya Juni. Siku ambazo ovaloki ilisimama hatukupata hata senti. Alituuliza, “Kwa siku mlikuwa mkipata ngapi?” nasi hatukuwa na kitabu cha kumwonyesha. Sasa kitabu kipo juu ya meza, na kila jioni mmoja wetu huandika kazi iliyotoka. Mwenye swali na aulize.