Mpira wenye nyuzi si mpira wa kuvutia maji

Juma hili nazungumzia mpira wa maji. Bila shaka wapo watakaosema kwamba mpira ni mpira, ilimradi haujatoboka. Hao ndio hasa ninaotaka wanisikilize, kwa sababu fikra hiyo inawagharimu wakulima wa mboga kando ya mto Katuma, hapa Mpanda, fedha nyingi kila kiangazi.

Chukueni mfano wa mkulima mmoja wa upande wa Mwamkulu. Ana pampu ya petroli ya inchi 2. Kufika Septemba maji ya Katuma yameshuka, na pale anapoiweka pampu, juu ya ukingo, yapo mita 4 chini yake. Mpira wa zamani umechakaa, hivyo anakwenda mjini kununua mwingine. Dukani anaonyeshwa mpira unaopitisha mwanga, ndani yake zinaonekana nyuzi zilizosukwa kama wavu. Muuzaji anamwambia kwamba huu umeimarishwa. Wala hamdanganyi. Bei yake ni nafuu kuliko ule mgumu wenye mistari iliyozunguka, na mkulima analipa, anaondoka.

Anafika shambani, anajaza pampu maji, anawasha. Maji yanatoka kidogo, yanapungua, halafu yanakatika, ilhali injini inanguruma vizuri tu. Anazima, anafungua kifuniko cha kujazia maji ili atazame, anaukagua mpira wote na hauoni kasoro yoyote. Anawasha tena, mambo ni yale yale. Hapo watu humwambia pampu imekufa, naye anaanza kutafuta fundi.

Pampu haijafa. Kama angeutazama mpira wakati injini inafanya kazi, angeuona umelala bapa kama mkanda, karibu kabisa na pampu. Alipofungua kifuniko hewa iliingia, mpira ukarudi kuwa mviringo, na ushahidi ukapotea.

Sasa tuulizane: nani aliyeubonyeza? Wengi watajibu kwamba ni pampu, kwa kuwa inavuta. Ukweli ni kwamba maji hayavutwi kama kamba inavyovutwa. Kazi ya pampu ni kupunguza msukumo uliomo ndani ya mpira. Hewa iliyo nje, ambayo siku zote inatuelemea sisi sote, ndiyo inayoyasukuma maji ya mtoni yapande. Lakini hewa hiyo haibagui. Inausukuma uso wa maji, na inausukuma pia ukuta wa mpira kutoka nje kwenda ndani.

Tupige hesabu. Kupandisha maji mita 4, na kufidia kama mita moja inayopotea kwa msuguano ndani ya mpira na kwenye chujio, ni sawa na mita 5 za maji. Hiyo ni takriban nusu kilo kwa kila sentimita moja ya mraba. Mpira wa inchi 2 una upana wa sentimita 5. Urefu wa mita moja ya mpira huo, ukiutazama kutoka juu, una sentimita 500 za mraba. Nusu kilo mara 500 ni kilo 250. Yaani karibu na pampu, kila mita ya mpira inabanwa kana kwamba umeilaza chini ukapanga juu yake magunia mawili na nusu ya mahindi.

Chini, pale mpira unapoingia majini, uzito huo haupo, na unaongezeka kadiri unavyopanda kuelekea kwenye pampu. Ndiyo maana mpira hubonyea juu kwanza, hasa ukiwa umepinda, na hasa saa sita mchana jua linapokuwa limeulainisha. Na ukishaanza kubonyea hausiti. Njia inakuwa nyembamba, maji yanapita kwa shida, msukumo wa ndani unapungua zaidi, na hewa ya nje inauminya zaidi. Kufumba na kufumbua umejifunga. Aliyewahi kunywa uji mzito kwa mrija laini wa soda analijua jambo hilo.

Na zile nyuzi je? Nyuzi zina kazi yake, na ni kazi nzuri. Ukiufunga mpira huo kwenye bomba la nyumbani, maji yanausukuma ukuta kutoka ndani kwenda nje, nao unataka kutanuka na kupasuka. Uzi unavutwa, unakaza, unazuia. Ila uzi ni uzi. Hakuna aliyewahi kusimamisha nguzo ya kamba. Hewa inapouminya mpira kutoka nje, uzi unakunjamana pamoja nao, usisaidie kitu. Kwa kuvuta maji, mpira wenye nyuzi na ule mtupu wa bustanini ni ndugu wa tumbo moja.

Unaotakiwa ni mpira wenye kitu kigumu kilichozungushwa ukutani kama springi, iwe plastiki ngumu au waya wa chuma. Ule mzunguko ndio unaougomea uzito wa magunia. Kuutambua dukani hakuhitaji elimu. Uweke chini, ukanyage kwa kisigino. Ukilala bapa, urudishe. Ukunje pole pole: wenye springi unapinda kama upinde, mtupu unavunjika kiwiko. Kisha chungulia ndani, maana mpira wa siku nyingi huweza kuachana matabaka, nje ukawa mzima, ndani utando umeshuka kama pazia na kuziba njia.

Atatokea mtu aseme kwamba jirani yake anatumia mpira mtupu na maji yanakuja. Inawezekana. Aulize tangi liko wapi. Kama tangi liko juu ya pampu, maji yanajileta yenyewe na yanautanua mpira. Si hali ya mtu aliye juu ya ukingo wa mto.

Kwa asiyemudu mpira wa springi wa mita 6 au 7, ipo njia. Sehemu kubwa itengenezwe kwa bomba gumu la plastiki, na kipande kifupi tu cha mpira wa springi kiunganishwe kwenye pampu. Maungio yabanwe sawasawa. Tundu upande wa kuvuta halidondoshi maji, bali linaingiza hewa, na dalili yake ni maji kutoka kwa kutemea temea, tofauti na mpira uliobonyea ambao maji hupungua na kukatika.

Njia nyingine ni kuchimba kidaraja kwenye ukingo na kuishusha pampu karibu na maji. Pampu ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Kitabu chake huenda kimeandika kwamba inavuta mita 7 au 8, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kiasi cha mita moja kinapotea kwa sababu hiyo peke yake. Mimi nisingepanga kuvuta zaidi ya mita 5. Upande wa kusukuma ndiko unakoweza kubana matumizi: hata ule mpira bapa unaokunjwa kama turubai unafaa, kwa sababu huko maji yanautanua. (Nani avute maji ya Katuma, na kiasi gani, hilo ni suala la kibali na ni mjadala wa siku nyingine.)

Mkulima wetu ana la haraka zaidi. Asiendelee kuiwasha pampu kavu akitumaini maji yatakuja. Sili ya pampu hupozwa na maji yanayopita, na yasipopita inaungua. Hapo sasa fundi atakuwa na kazi ya kweli, na ule mpira utakuwa bado ni ule ule.