Miezi Hii Inahesabiwa na Nani?

Msikilizaji, hapa Kampala kuna njia ya kuingia kazini ambayo wengi wenu mnaijua, hasa mliotafuta kazi za ukarani, stoo au huduma kwa wateja. Unasaini mkataba wa miezi mitatu na wakala wa ajira, wakala anakupeleka kwenye kampuni, na unaambiwa: chapa kazi, wakikuridhia watakuchukua moja kwa moja. Sina ugomvi na njia hiyo. Kijana aliyemaliza chuo hawezi kuijua kazi kwa kusoma tangazo, na mwajiri hawezi kumjua mtu kwa mahojiano ya nusu saa. Ni haki kila mmoja amwonje mwenzake. Swali langu ni hili: ile miezi ya kuonjana inahesabiwa na nani, na wapi?

Tuchukue mfano. Binti mwenye stashahada ya uhasibu anapelekwa na wakala kwenye ghala la dawa za jumla huko Nakawa, awe karani wa hesabu. Mshahara ni shilingi laki tisa kwa mwezi. Anafanya kazi vizuri, miezi mitatu inakwisha, na kweli kampuni inamwita: tumekupenda, njoo kwetu. Anapewa barua mpya. Anaifungua kwa furaha, na ndani yake anakuta kipindi cha majaribio cha miezi sita.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka mpaka wa majaribio. Hayazidi miezi sita, na yakiongezwa, ni kwa ridhaa ya mfanyakazi na kwa miezi mingine isiyozidi sita. Tena sheria inamkataza mwajiri kumweka mtu yule yule kwenye mkataba wa majaribio zaidi ya mara moja. Waliotunga sheria walijua kwamba majaribio yasiyo na mwisho humwacha mtu akining'inia, kwa sababu aliye kwenye majaribio anaweza kuachishwa bila kile kikao cha kujitetea ambacho mfanyakazi aliyethibitishwa ana haki nacho.

Lakini tazama kilichotokea kwa binti yetu. Kwa maandishi, miezi mitatu ya kwanza mwajiri wake alikuwa wakala. Kampuni inamwajiri leo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo inaanza hesabu yake upya. Kiti ni kile kile, bosi ni yule yule, vitabu vya hesabu ni vile vile, ila saa imerudishwa sifuri. Miezi mitatu ya wakala, sita ya majaribio, na sita ya nyongeza kama atakubali: jumla miezi 15 ya kupimwa kwa kazi ambayo mtu mwenye macho angeipima kwa minne. Na si majaribio peke yake yaliyorudi nyuma. Kwa sheria hiyo hiyo, notisi ya kuachishwa hurefuka kadiri mtu anavyokaa na mwajiri mmoja: ukipita miezi sita ni angalau wiki mbili, ukipita mwaka ni angalau mwezi mmoja. Yeye anaanza siku ya kwanza.

Dawa yake ni sentensi moja ndani ya barua, na wakati wa kuiomba ni kabla ya kusaini, wakati kampuni bado inamtaka. Sentensi yenyewe iseme hivi: miezi ambayo mfanyakazi amefanya kazi hapa kupitia wakala itahesabiwa kuwa sehemu ya majaribio na ya utumishi wake. Meneja muungwana hana sababu ya kuikataa, maana anajua amekuwa akimtazama mtu huyu tangu asubuhi ya kwanza. Akikataa, basi umepata habari muhimu kuhusu mahali unapokwenda.

Kuna swali jingine la kuuliza, na hili liulizwe mapema zaidi, siku ile ya wakala. Mikataba kati ya mawakala na kampuni mara nyingi ina kipengele cha ada: kampuni ikimchukua mtu wa wakala, inamlipa wakala kiasi fulani. Wewe mkataba huo huuoni. Lakini unaweza kumaliza miezi tisa, mkataba wa miezi mitatu ukisainiwa mara tatu, ukidhani kazi yako ndiyo haijaridhisha, kumbe ni ada ambayo hakuna mkuu wa idara anayetaka kuitoa kwenye bajeti yake. Muulize wakala waziwazi: wakitaka kunichukua wanakulipa nini, na baada ya miezi mingapi ada hiyo inaisha?

Na ukiwa ndani, angalia unakatwa nini. Mfanyakazi hukatwa PAYE na NSSF. Kwa mshahara wa laki tisa, NSSF ni 45,000 kutoka kwako na 90,000 kutoka kwa mwajiri, kila mwezi. Tangu sheria ya mfuko ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Ukiona unakatwa asilimia 6 tu ya kodi ya zuio, fahamu kwamba kwenye vitabu vyao wewe ni mtoa huduma. Hapo hata hizo notisi na majaribio tulizozizungumzia watasema hazikuhusu.

Sasa tugeuze upande, maana binti naye ana haki ya kuipima kazi. Miezi mitatu inatosha? Inategemea ni miezi ipi. Karani wa hesabu Kampala anaishi kwa tarehe 15, siku ya mwisho ya kupeleka ripoti za VAT na PAYE za mwezi uliopita. Lakini sura halisi ya ofisi kama hiyo huonekana mwaka wa fedha unapofungwa. Kwa kampuni zinazofunga tarehe 30 Juni, mkataba wa kuanzia Mei hadi Julai utakuonyesha kuhesabu mali ghalani, wakaguzi wakidai risiti, na bosi wako anavyosema na watu saa mbili usiku. Mkataba wa Septemba hadi Novemba utakuonyesha ofisi tulivu, na utasaini kazi ambayo hujaiona. Kama tarehe unaweza kuziomba, ziombe.

Na ukigundua kwamba kazi hii si yako? Wengi hudhani mkataba mfupi ndio mlango ulio rahisi kutokea. Kwenye majaribio ya kisheria, upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14, na mwajiri anaweza badala yake kulipa mshahara wa siku saba, ambao kwa binti yetu ni kama shilingi 210,000. Mkataba wa miezi mitatu ni tofauti. Kwa aliyefanya kazi chini ya miezi sita, sheria haikutaja urefu wa notisi, kwa hiyo kinachowaongoza ni kile mlichoandika. Kama hamkuandika kitu, mmeahidiana miezi mitatu kamili, na anayeondoka mwezi wa pili anaweza kuambiwa amevunja mkataba. Siku ya kusaini tafuta kipengele cha notisi. Kikikosekana, omba waandike siku 14 kwa pande zote mbili, na uondoke na nakala yako yenye sahihi zote.