Faida ya Mfuko, Hasara ya Mwekezaji

Wapo wataalamu wa fedha wanaoshikilia kwamba kipimo halali cha faida ni kimoja tu: kile kinachotazama muda, bila kujali ni fedha kiasi gani ziliingia au kutoka. Kipimo cha pili, kinachozipa uzito fedha zenyewe, wanakiona kimechafuliwa na maamuzi ya mteja. Msimamo huo ndio uliozaa mhadhara huu, na hausimami mbele ya historia ya mfuko wa Marekani ulioitwa CGM Focus.

Mwaka 2007 mfuko huo, chini ya meneja Ken Heebner, ulipanda kwa takriban asilimia 80. Watu wakamimina fedha. Mwaka 2008 ukaanguka kwa asilimia 48 hivi. Katika muongo ulioishia 2009, mfuko ulihesabiwa kupata wastani wa asilimia 18 kwa mwaka. Morningstar ilipopima fedha za wawekezaji zilivyoingia na kutoka, mwekezaji wa kawaida alikuwa amepoteza asilimia 11 kwa mwaka.

Achukuliwe mwekezaji wa mfano aliyeanza 2007 na dola 1,000. Mwisho wa mwaka ana 1,800. Anavutiwa, anaongeza 8,200, na sasa zote 10,000 zinaingia 2008. Zinabaki 5,200.

Kipimo cha muda huzidisha 1.80 kwa 0.52 na kupata 0.936, yaani hasara ya kama asilimia 3.3 kwa mwaka. Kipimo cha fedha hutafuta kiwango kimoja ambacho, kikitumika kwa miaka miwili kwenye dola 1,000 na kwa mwaka mmoja kwenye 8,200, huleta 5,200. Jibu ni hasara ya karibu asilimia 41 kwa mwaka. Ametoa mfukoni 9,200, na 4,000 hazipo.

Peter Dietz, aliyekitetea kipimo cha muda katika kitabu chake cha 1966 kuhusu mifuko ya pensheni, anastahili kusomwa polepole, kwa sababu aliuliza kwanza ni nani anayepimwa. Meneja hakuamua mteja alete fedha lini. Kumhukumu kwa tarehe hizo ni kumwonea. Hapo Dietz yuko sahihi kabisa. Wafuasi wake ndio wanaolichukua jibu la swali la meneja na kumkabidhi mwenye fedha.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kumletea mhadhiri taarifa ya mfuko wake. Alikuwa amenunua vipande kwa kiinua mgongo chake karibu na kilele cha bei. Taarifa ilionyesha faida nzuri ya miaka mitano; salio lilikuwa pungufu ya alichoweka. Alidhani ameibiwa. Hakuibiwa: faida ile ilipatikana kabla fedha zake hazijafika.

Ni kweli kwamba kipimo cha fedha hakifai kulinganisha mameneja, kwani wateja wawili wa mfuko uleule watapata majibu tofauti. Hata hivyo kila taarifa ya mteja ingepaswa kubeba namba zote mbili, na juu yake jumla ya alichoweka, alichotoa na kilichobaki.