Vyumba Kumi Kando ya Mfereji Mmoja: Mseto wa Uwekezaji na Aina Mbili za Hatari

Mseto wa uwekezaji ni kugawa mtaji kati ya mali zisizopatwa na mambo yaleyale kwa wakati mmoja. Kiini cha maana hiyo hakimo katika wingi wa mali. Mwenye nyumba wa Kyebando aliyejenga vyumba kumi vya kupanga, vile ambavyo Kampala huitwa *mizigo*, ana wapangaji kumi na kodi kumi. Mpangaji mmoja akihama usiku bila kulipa, tisa wanabaki, na pengo la mmoja halionekani sana. Lakini ikiwa vyumba vyote viko bondeni, karibu na mfereji wa Nsooba, mvua kubwa moja huviingia vyote kumi. Dhidi ya mpangaji mtoro, mwenye nyumba ana mseto. Dhidi ya mafuriko, ana mali moja tu yenye milango kumi.

Hapo ndipo aina mbili za hatari zinapoachana. Hatari mahususi ni ile inayoipata mali moja au kampuni moja na kuziacha nyingine. Hatari ya kimfumo huzipata zote, kwa viwango tofauti. Ya kwanza huyeyuka mtaji unapogawanywa, ya pili hubaki.

Soko la Hisa la Uganda lina mfano wa kila moja. Kampuni ya Umeme ilisambaza umeme nchini kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza mwaka 2005 na kumalizika tarehe 31 Machi 2025, kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Mwisho wa mkataba ulijulikana mapema, kwa hiyo tarehe yenyewe haikuwa hatari: jambo linalojulikana huwa limekwisha kuingia katika bei. Hatari ilikuwa katika kiasi ambacho serikali ingelipa kwa mitaji isiyokwisha kurejeshwa, na pande mbili zilitofautiana juu yake hadi zikafika kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwenye hisa za Umeme alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mwenye hisa za benki au za kampuni ya simu hakuwa nayo. Hiyo ni hatari mahususi.

Mwaka 2011 mambo yalikuwa mengine. Mfumuko wa bei Uganda ulipita asilimia 30 mwezi Oktoba, na Benki Kuu, iliyokuwa imeanza kutangaza riba yake ya msingi mwezi Julai kwa asilimia 13, iliipandisha hadi asilimia 23 kabla mwaka haujaisha. Riba inapopanda hivyo, mapato ya kesho ya kila kampuni hupungua thamani yanapopimwa leo, mikopo inakuwa ghali kwa wote, na wanunuzi wa hisa wanakimbilia dhamana za serikali. Hakukuwa na kampuni ya kukimbilia ndani ya soko lilelile.

Hesabu ya mali mbili inaonyesha mseto unavyofanya kazi. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Hisa A, ya kampuni ya umeme, ina faida tarajiwa ya asilimia 14 kwa mwaka na mkengeuko sanifu wa asilimia 30, yaani kipimo cha jinsi faida inavyoyumba kuzunguka wastani wake. Hisa B, ya benki, ina faida tarajiwa ya asilimia 12 na mkengeuko wa asilimia 20. Uwiano wa mwendo wao, unaoandikwa ρ na kukaa kati ya −1 na +1, ni 0.2. Mwekezaji anaweka asilimia 40 ya mtaji katika A na asilimia 60 katika B.

Faida tarajiwa ya kapu zima ni wastani wa faida mbili kwa uzito wao: 0.4 × 14 + 0.6 × 12 = 12.8. Hatari haifuati njia hiyo. Kanuni yake, a na b zikiwa sehemu za mtaji na σ mkengeuko sanifu, ni hii:

```
σ² = a²σA² + b²σB² + 2ab·ρ·σA·σB
   = 0.16×900 + 0.36×400 + 2×0.4×0.6×0.2×30×20
   = 144 + 144 + 57.6 = 345.6
σ  = 18.6
```

Kapu linayumba kwa asilimia 18.6, chini ya B peke yake, ambayo ndiyo iliyo tulivu kuliko mwenzake. Aliyekuwa na B tupu akauza sehemu yake na kununua hisa yenye misukosuko zaidi amepata faida tarajiwa kubwa zaidi na hatari ndogo zaidi. Wanafunzi wengi hulitilia shaka jibu hili wanapolikuta mara ya kwanza, na wana haki ya kulikokotoa upya.

Kazi yote imo katika kipande cha tatu. Kama ρ ingekuwa 1, mkengeuko ungekuwa asilimia 24, wastani mtupu wa 30 na 20 kwa uzito wao, na mseto usingeleta lolote. Kama ingekuwa 0, ungeshuka hadi 17. Kama ingekuwa −1, kwa mgawo huu wa 40 na 60 ungefika sifuri kabisa, jambo lisilotokea kwa hisa mbili za nchi moja. Kwa A na B, kuongeza A kidogo hupunguza hatari maadamu ρ iko chini ya 20 ÷ 30, yaani 0.67. Ikivuka hapo, kila shilingi inayohamia A huongeza hatari.

Mali zikiongezeka, ukomo unajitokeza. Tuseme kila hisa ina mkengeuko wa asilimia 30, kila jozi ina ρ ya 0.3, na mtaji umegawanywa sawa. Hisa 2 zina mkengeuko wa 24.2, hisa 10 zina 18.2, hisa 20 zina 17.4. Hata zikiwa elfu, mkengeuko haushuki chini ya 16.4. Kilichofutika kati ya 30 na 16.4 ni hatari mahususi. Sakafu iliyobaki ni ya kimfumo. Harry Markowitz aliiweka hesabu ya makapu katika makala yake ya 1952, na William Sharpe mwaka 1964 akatoa hitimisho lake: soko hulipa malipo ya ziada kwa hatari ya sakafu tu, kwa kuwa hatari inayoweza kufutwa bila gharama haina sababu ya kulipiwa. Mwekezaji anayebaki na hisa moja tu anabeba mzigo ambao hakuna anayemlipa kwa kuubeba.

Katika soko dogo hesabu hii ina mtego. Baadhi ya hisa za Kampala hukaa siku nyingi bila kuuzwa, bei ya jana ikirudiwa leo. Faida ya sifuri inayoandikwa siku hizo si utulivu, ni ukimya, nayo hushusha ρ kwa uongo. Njia ya kuugundua ni kuhesabu siku zenye sifuri. Zikiwa nyingi, takwimu za kila siku ziachwe na zitumike za kila mwezi. Tena ρ iliyopimwa wakati wa shwari haidumu: janga la Korona lilipoingia mwaka 2020, masoko ya hisa ya dunia yalianguka pamoja, mseto ukiwa dhaifu zaidi siku ulipohitajika zaidi.

Wala mpaka kati ya aina mbili haukuchorwa mahali pamoja daima. Mfumuko wa 2011 ni wa kimfumo kwa mwenye hisa za Uganda tupu, lakini sehemu yake ni mahususi kwa anayeshika pia za nchi za mbali. Vivyo hivyo, mafuriko ya Nsooba ni ya kimfumo kwa mwenye vyumba kumi bondeni, na ni jambo dogo kwa aliyeweka nusu ya mtaji wake katika hatifungani za serikali. Hatifungani nazo hushuka bei riba inapopanda, ila hazilowi maji.