Sinia ya Maulidi na Wageni Wasioalikwa

Kwenu mlioko Mkwaja, ambako pepo za bahari hazikauki usiku wala mchana, sinia ya Maulidi iliyopambwa kwa visheti, kashata za nazi na ndizi mbivu huanza kuharibiwa na unyevu kabla hata sisimizi hawajaiona. Sukari huvuta maji ya hewani, visheti vikanata. Na kashata ambayo nazi yake haikukauka barabara jikoni huweza kufanya ukungu kwa muda wa siku chache tu. Basi ipikwe mpaka iachane na sufuria, ipoe kabisa, ndipo itiwe katika chombo chenye kifuniko. Kwani ikifunikwa ingali moto, mvuke hugeuka matone, na hayo ndiyo asili ya ukungu. Ukionekana, kuukwangua hakufai, maana nyuzi zake zimekwisha kupenya ndani: tupeni, japo wengi huona uchungu.

Ama sisimizi, tieni kila mguu wa meza katika bakuli la maji yenye sabuni kidogo, kwani juu ya maji matupu mdudu mwepesi huweza kuelea akavuka; na kitambaa cha meza kisiguse ukuta wala sakafu, kwa kuwa hilo ndilo daraja lisahauliwalo.

Nzi wakubwa huzuiwa na kawa. Wale wadogo wa ndizi hupenya matundu ya ukili, kwa hiyo tandazeni shashi chini ya kawa, na ndizi zioshwe, zifutwe, zipangwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekwisha kubisha hodi.