Jina la safari



Ukitoka Msamvu ukashika njia ya kwenda Mazimbu, milima ya Uluguru ikiwa kushoto kwako, utafika kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafunzi wengi wanaolala kwenye mabweni yale wanajua kwamba Mahlangu alikuwa kijana wa Afrika Kusini, akanyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wachache wanajua kwamba hakuwahi kuishi Mazimbu. Alikamatwa mwaka 1977, na chuo cha wapigania uhuru kilianza kujengwa kwenye shamba hilo la zamani la mkonge wakati yeye yuko gerezani. Waliokuja kuishi pale ni wenzake waliokimbia baada ya ghasia za Soweto za 1976, na karibu wote walifika bila majina yao.

Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu majina hayo.

Wahamiaji wengi hubadili jina ili wenyeji walimudu mdomoni. Kijana wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, alianza kuitwa Freddie shuleni India, na dunia ikamfahamu hivyo hadi kufa kwake. Ndugu zetu walioko Marekani nao hufika na majina matatu, fomu inataka jina la ukoo, basi babu anageuka kuwa ukoo wa familia nzima. Usumbufu upo, lakini karatasi zinasoma jina moja kuanzia uwanja wa ndege, na ukiulizwa wewe ni nani unaweza kuthibitisha.

Wa Mazimbu walibadili jina ili waishi. Kijana alipofika mikononi mwa ANC aliandika maisha yake yote, alikozaliwa, alikosoma, nani alimvusha mpaka. Kisha alipewa au alijichagulia jina jipya, na tangu hapo alikatazwa kumwambia hata mwenzake wa kitanda cha jirani jina alilopewa na wazazi. Wao waliliita jina la safari. Sababu ilikuwa wazi. Polisi wa makaburu walikuwa na wapelelezi hadi ndani ya kambi, na jina la kweli likiwafikia, mama aliyebaki Soweto au Port Elizabeth ndiye aliyegongewa mlango usiku. Majeshi yao yaliwahi kuvuka mpaka na kuua wakimbizi Matola, Msumbiji, Januari 1981, na Maseru, Lesotho, Desemba 1982. Kwa hiyo sitamlaumu mtu kwa kujificha.

Hata wakubwa walifanya hivyo. Chris Hani, ambaye waraka wake wa malalamiko ulichangia kuitishwa kwa mkutano mkuu wa ANC hapa Morogoro mwaka 1969, wazazi wake walimwita Martin Thembisile. Chris lilikuwa jina la ndugu yake. Aliuawa Aprili 1993 akaombolezwa na ulimwengu mzima kwa jina la kuazima. Lakini Hani alikuwa mtu mashuhuri, na majina yake yote mawili yameandikwa vitabuni. Shida ni ya yule kijana ambaye hakuna aliyemwandika.

Tuchukue mfano. Majina nitakayotaja ni ya kubuni, ila mambo yenyewe ndivyo yalivyokwenda kwa watu wengi. Kijana aitwaye Mxolisi anafika Mazimbu mwaka 1983. Jina lake halisi lina ule mlio wa ulimi ambao hapa mjini tungeugeuza tu kuwa Msolisi, lakini hatukupata hata nafasi ya kulikosea, maana yeye alijitambulisha kwa jina la Themba. Anafanya kazi kwenye ujenzi, anakunywa chai Mji Mpya, anampenda msichana ambaye kwao ni Kinole. Kuoa kulihitaji ruhusa ya chama, na ruhusa haikuwa rahisi. Mwaka 1987 anazaliwa binti, Neema. Kwetu mtoto huvaa jina la baba na la babu, basi kwenye tangazo la kizazi, kwenye kadi ya kliniki na baadaye kwenye rejesta ya shule anaandikwa Neema Themba. Babu naye? Mama anauliza, baba anataja jina lolote linalomjia. Sasa mtoto ana majina matatu na mawili kati ya hayo ni ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Miaka michache hakuna aliyeona tatizo. Februari 1990 chama kinaondolewa marufuku huko kwao, na mwaka 1991 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi linakubaliana na serikali ya Afrika Kusini kuwarudisha watu. Mwenye kurudi anajaza fomu, na fomu hii haitaki jina la safari. Inataka lile la kwenye kitambulisho, kwa sababu bila hilo hapati msamaha wala haruhusiwi kuingia. Hapo Themba anakufa kimyakimya, Mxolisi anapanda ndege. Mwaka 1992 Mazimbu na Dakawa zinakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, walimu wanafunga madarasa, na mama wa Neema anabaki na picha, barua mbili tatu, na jina lisilo na mwenyewe.

Wapo waliowachukua wake zao na watoto, na hilo tuseme wazi. Lakini hata hao walilipa. Mtoto aliyesoma chekechea Mazimbu kwa jina la Themba alishuka Johannesburg akaambiwa kuanzia leo ukoo wako ni mwingine, hawa ndio babu na bibi yako, sahau lile. Siku akihitaji cheti chake cha kuzaliwa kutoka Morogoro, kinasoma mtoto mwingine.

Aliyebaki, Neema wetu, anafikisha miaka kumi na minane mwaka 2005 na anaamua kumtafuta baba. Sheria ya uraia ya Afrika Kusini ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi raia, lakini kuzaliwa kwake lazima kuandikishwe, na kuandikishwa kunaanza na namba ya kitambulisho ya baba. Anayo namba gani? Hana. Anatoa jina, Themba. Kwenye daftari la wananchi la kule akina Themba ni wengi kama akina Juma wetu, na wake hayumo miongoni mwao. Mlango unafungwa bila mtu yeyote kumfanyia ubaya. Karani amesema kweli: mtu huyo hayupo.

Kinachoweza kuufungua ni vitu vichache. Baba akiwa hai na akikubali, anaapa mbele ya mwanasheria kwamba aliyeitwa Themba Tanzania ni yeye, kisha kunafuata kipimo cha vinasaba. Akiwa amekufa, wanatafutwa ndugu zake wa damu wakubali kupimwa, na hapo hofu ya urithi huingia, maana ndugu hawamjui huyu binti na wanadhani kaja kudai nyumba. Kiapo cha mama peke yake kinasaidia kama ushahidi, lakini hakimalizi kazi, kwa sababu mama mwenyewe mara nyingi alijua jina moja tu. Mwaka 1996 Afrika Kusini ilitunga sheria ya pensheni maalumu kwa waliopigania uhuru, na wajane wakawa na haki ndani yake. Sasa jiulize mjane wa Kihonda angethibitishaje kwamba alikuwa mke wa mtu ambaye cheti chake cha kifo kina jina asilowahi kulisikia.

Watafiti Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha mwaka 2014 kazi yao kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofungamana na wapigania uhuru hawa. Kwa hiyo hatuzungumzi uvumi wa vijiweni.

Hapa naomba nipande kidogo mlimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na kwa desturi ardhi ya Kinole, Matombo au Mgeta ilipitia huko. Mjomba hakumuuliza Neema baba yake anaitwaje ndipo ampe kipande cha kulima ndizi. Baba aliyepotea hakumfanya mtoto awe mgeni kijijini. Wengi wa watoto hawa walilelewa hivyo, na ndiyo maana mjini huwasikii wakilia hadharani. Lakini shule, pasipoti na benki hazijui lukolo. Zinauliza jina la baba, na kila mara zinapouliza, Neema anaandika jina la uongo akijua ni la uongo. Akilibadilisha, vyeti vyake vya shule vinamkataa. Akiliacha, baba hapatikani. Nimesikia watu wakisema jina si kitu. Hao hawajapanga foleni na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Wafu nao wamo kwenye hesabu hii. Septemba 2024 Afrika Kusini ilipokea mabaki ya wapigania uhuru 42 waliokuwa wamezikwa Zambia na Zimbabwe. Kazi ngumu kwa wanaotafuta makaburi ya namna hiyo ni kuoanisha jina lililoandikwa uhamishoni na jina ambalo familia inalitafuta. Mama anayemtafuta Mxolisi anaweza kupita mbele ya kaburi la Themba asisimame.

Hukumu yangu ni hii. Jina la safari lilikuwa halali siku zote ambazo makaburu walikuwa na bunduki mkononi. Kuanzia siku mtu alipojaza fomu ya kurudi kwao, aliyejua ana mtoto Morogoro na hakumwachia mama wa mtoto jina la kweli alikuwa anajificha kwa binti yake mwenyewe, na kwa hilo simtetei.

Basi kwa akina mama wa Mji Mpya, Kihonda, Mazimbu na Dakawa mnaonisikiliza: wengi wenu mna umri sasa, na mnayoyajua hayako kwenye karatasi. Kaeni na watoto wenu wiki hii. Andikeni jina mlilomjua nalo baba yao, na lingine lolote mlilosikia wenzake wakimwita akiwa amelewa au amekasirika. Andikeni mji aliosema ni kwao, mwaka aliofika, kazi aliyofanya, mwaka alioondoka. Msitupe bahasha za barua, kwa kuwa mhuri wa posta unataja mji. Kisha nendeni kwa wakili mkaape, majina yote mawili yawe kwenye kiapo kimoja. Kumbukumbu za chuo cha Mazimbu zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, mji wa Alice, na mtu mwenye jina la safari, mwaka na kazi ana pa kuanzia kuuliza. Mwenye jina peke yake hana.