Salamu za Rambirambi kwa Mteja Aliyefiwa: Maneno Yanayofaa Kutoka Ofisini



Mada hii inahusu barua au ujumbe ambao kampuni humwandikia mteja aliyefiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu. Nimechagua mteja wa aina moja ambaye wengi wenu mnamfahamu: mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, anayechukua saruji, nondo na mabati kwa mkopo wa siku 30 kutoka kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Mama yake amefariki, mazishi yatakuwa kwao Rombo, na ankara yake inaiva wiki hiyohiyo.

Ofisi nyingi huanza na mazoea ya barua za kiserikali. Karani hufungua barua ya zamani kwenye kompyuta, anabadilisha jina, na barua inatoka hivi: kumbukumbu namba juu, kisha “Ndugu Mteja”, kisha “YAH: KIFO CHA MAMA YAKO” kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, kisha “Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.” Chini kuna nakala kwa mhasibu, na mwisho wa ukurasa kaulimbiu ya kampuni kuhusu ubora na bei nafuu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mfiwa akiisoma akiwa amekaa kwenye turubai na ndugu zake, anaona amefunguliwa jalada.

Barua ya rambirambi haina kichwa cha habari wala kumbukumbu namba. Karatasi yenye nembo inafaa, kwa sababu inaonyesha kwamba ofisi nzima imetambua msiba. Kaulimbiu na matangazo viondolewe. Asaini mtu anayefahamika kwa mteja, awe mkurugenzi au ofisa mauzo anayemhudumia, kwa jina lake na cheo chake. “Menejimenti” peke yake haimpi mtu pole.

Kabla ya kuandika, piga simu kwa msaidizi wake dukani, si kwa mfiwa mwenyewe, uulize mambo manne: aliyefariki ni nani hasa kwake, jina lake ni lipi, msiba uko wapi, na mazishi ni lini. Swali la kwanza lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Kwetu mtu husema “mama” akimaanisha mama mdogo, mama mkwe au shangazi aliyemlea. Usimsahihishe. Kama yeye anasema amefiwa na mama, andika “mama yako”. Jina la marehemu nalo liandikwe kama familia inavyoliandika kwenye tangazo la msiba, herufi kwa herufi.

Kwa mteja wetu wa Morogoro ningeandika hivi:

“Kaka …, tumepata taarifa ya kufiwa na mama yako mpendwa, Bi. …, na tumesikitika sana. Pole wewe, mkeo, watoto na ndugu zako wote. Mwenyezi Mungu awape nguvu katika siku hizi, na ailaze roho ya mama mahali pema peponi. Mwenzetu … atafika nyumbani Morogoro kesho jioni kwa niaba yetu, kabla hamjasafiri.”

Sentensi nne zinatosha. Neno “kaka” limewekwa kwa sababu ndivyo ofisa wetu anavyomwita kila siku. Kama anamwita “mzee” au “Bwana” kwa ukoo wake, liwe hilo. Msiba si wakati wa kuanza udugu mpya, wala wa kurudi kwenye urasmi ambao mlishauacha. Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba joto lote la barua, maana inamwambia kwamba mtu atakuja. Kwa hiyo usiiandike kama hakuna aliyepangwa kwenda. Bahasha ya rambirambi aende nayo huyo mwakilishi na aikabidhi kwa anayepokea michango. Kiasi kisitajwe katika barua.

Yapo maneno yaliyozoeleka ambayo nashauri kampuni iyaache. “Tulimpenda, lakini Mungu kampenda zaidi” ni ya watu waliomjua marehemu. Ikitoka kwa msambazaji wa saruji ambaye hakuwahi kumwona, mfiwa anajua kwamba si kweli. “Kazi ya Mungu haina makosa” watu husemezana wenyewe kwa wenyewe, na kwa mzee aliyekula chumvi nyingi inaweza kupokelewa. Kwa aliyefiwa na mtoto mdogo, inauma ikitoka kwa mtu wa nje. Pia usiulize wala usitaje sababu ya kifo, hata kama mtaa mzima unaijua.

Dini nayo iangaliwe. Familia ikiwa ya Kiislamu, “Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amsamehe, na awape subira” ni maneno yanayokaa vizuri hata yakiandikwa na asiye Mwislamu. “Apumzike kwa amani” yana harufu ya kanisani, yabaki huko. Usipojua dini ya familia, “Mwenyezi Mungu awape nguvu” haimkwazi yeyote. Kasi pia inatofautiana: mazishi ya Kiislamu mara nyingi hufanyika siku hiyohiyo au kesho yake, kwa hiyo barua ya kusubiri saini ya mkurugenzi itachelewa. Tuma ujumbe wa simu mara moja, mtu aende, barua ifuate. Mteja akiwa ni mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume, atakaa eda miezi minne na siku kumi; mpelekeeni mfanyakazi mwanamke, na msimwalike ofisini katika kipindi hicho.

Sasa ankara. Wengi hudhani ni wema kuandika: “Usiwe na wasiwasi kuhusu malipo yako.” Naomba msiandike. Hata likisemwa kwa upole, deni limeingia msibani, na barua hiyo itasomwa na shemeji na wajomba ambao hawakujua kwamba anadaiwa. Suala hilo limalizwe ndani ya ofisi. Mhasibu asogeze tarehe ya malipo, azuie ujumbe wa kukumbusha madeni unaojituma wenyewe, na idara ya mauzo imwondoe mteja kwenye matangazo ya wiki hizo. Kama kuna mzigo uliokuwa njiani, zungumzeni na msaidizi wake: “Mzigo tutapanga na wewe, bosi asisumbuliwe.”

Kuna kosa jingine dogo linaloharibu kazi yote. Salamu zikitumwa kwa namba ya biashara ya WhatsApp, mfiwa akijibu “Asanteni”, anaweza kurudishiwa papo hapo jibu la kujiendesha: “Karibu! Tukuhudumie nini leo?” Salamu za aina hiyo zikiwa zimewashwa, humwendea anayeandika kwa mara ya kwanza au baada ya siku 14 za ukimya. Tumeni kutoka simu ya ofisa mwenyewe. Msitume kwenye kundi la wateja, kwa sababu huko zitafuatana na “pole sana” mia moja za kunakiliwa, kisha mtu ataulizia bei ya nondo.

Baada ya mazishi na kuanua matanga, ofisa apige simu moja. Aanze na “Pole na msiba, mmerudi salama?” asikilize, na asubiri. Wafanyabiashara wengi watalitaja deni wenyewe katika simu hiyohiyo. Asipolitaja, ofisa aage, apige tena wiki inayofuata, na hapo ndipo azungumzie tarehe mpya ya malipo.